Nimefika mlangoni pa mshauri nasaha mara mbili, nikageuza

Dada, shikamoo.

Nasoma shahada ya uzamili nje ya nchi, niko mwaka wa pili. Mwaka wa kwanza nilifaulu vizuri, lakini tangu muhula huu uanze sijielewi. Nalala nimechoka, naamka nimechoka zaidi. Nafungua makala ya kurasa kumi, nusu saa inapita bado niko ukurasa wa kwanza. Juzi nilipata alama ya juu kwenye kazi niliyoihangaikia wiki tatu. Nikaiangalia, nikafunga kompyuta, basi. Mama akipiga simu namwambia niko salama. Tukiagana nabaki nimekaa gizani.

Chuoni kuna ofisi ya ushauri nasaha. Nimeshafika mlangoni mara mbili, nikageuza. Nawaza kwamba mimi si mgonjwa, labda ni uvivu tu. Nawaza pia habari zikiwafikia wafadhili, au watu wa viza, itakuwaje. Na hata nikiingia nitasema nini, kwa lugha ambayo darasani tu inanitoa jasho?

Ni mimi, Mchovu wa Ugenini

*

Marahaba, mdogo wangu. Mimi niligeuza mara nne, kwa hiyo anayekujibu hapa si wa kukucheka. Mara ya tano niliingia kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha na dada wa mapokezi alikuwa ameshaniona kupitia kioo. Sitajifanya kwamba ulikuwa ujasiri.

Nilikuwa mwanafunzi kama wewe, mbali na kwetu, nikiandika tasnifu huku nikifanya kazi za saa chache ili mambo yaende. Kwa miezi kadhaa nilijiita mvivu. Kilichonifumbua macho ni jambo dogo la aibu. Asubuhi moja nilikuwa nashuka ngazi za jengo letu, nikajikuta natamani niteguke mguu. Nife sikutaka. Niteguke tu, kiasi cha kulazwa wiki mbili, ili mtu mwingine aamue kwamba sura ya tatu haitaandikwa. Nikasimama palepale kwenye ngazi, nimeshika ukuta. Mvivu haombi kibali cha kupumzika, hujipumzisha mwenyewe na usingizi ukamjia. Mtu anayetamani kuumia ili aruhusiwe kulala ana shida nyingine.

Shida hiyo ina jina, ingawa kwa Kiswahili kila mtu huliita kivyake. Mimi husema uchovu wa kuungua. Mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliiandika mwaka 1974, baada ya kuiona kwa watu waliokuwa wakijitolea katika kliniki ya bure mjini New York, yeye mwenyewe akiwemo. Baadaye Christina Maslach aliichambua katika pande tatu, na pande hizo ndizo nataka ujipime nazo. Wa kwanza ni kuishiwa nguvu, na huo kila mtu anaujua. Wa pili ni moyo kuota sugu: somo ulilolipenda linakuchefua, wenzako wanakukera kwa kuuliza tu umeendeleaje. Wa tatu ndio unaopotosha watu. Unajiona hufai hata pale matokeo yanaposema unafaa. Alama ya juu inaingia na haishiki popote, kama maji juu ya jani la mgomba. Ukiwa na ule wa kwanza peke yake, huenda umechoka tu, na wiki moja ya usingizi itakutosha. Zikikusanyika zote tatu, usingizi peke yake hautoshi. Mimi nilichukua likizo ya siku tisa, nikalala kweli kweli, na Jumatano ya kwanza baada ya kurudi nilikuwa palepale.

Sasa, unasema wewe si mgonjwa. Una haki nusu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, liliutaja uchovu huu kama hali inayotokana na kazi, likasema wazi kwamba si ugonjwa. Kwa hiyo hakuna kipimo cha damu cha kuuonyesha. Lakini hapo ndipo penye sababu ya kwenda na si ya kubaki chumbani. Nyuma ya uchovu wa namna hii hujificha vitu ambavyo ni magonjwa kabisa: sonona, wasiwasi uliopitiliza, upungufu wa damu, tezi ya shingoni kufanya kazi pole pole. Vyote vinakufanya uamke umechoka, na ukiwa peke yako chumbani huwezi kuvitofautisha. Mimi sikuweza, na nilikuwa nasoma mambo ya afya!

Niliingia, basi. Nilitarajia kochi na mtu mwenye ndevu. Nikakuta meza, boksi la tishu, na kompyuta ndogo ya mkononi niliyopewa nijaze fomu. Fomu ya kwanza ilihusu utunzaji wa siri, na nakuomba uisome yote kabla hujafungua mdomo. Yangu ilisema kwamba ninayoyaeleza hayaingii kwenye rekodi ya masomo, na kwamba msimamizi wangu, mfadhili wala mzazi hataambiwa lolote bila mimi kuweka saini. Kisha ikataja pale siri inapokoma: nikiwa katika hatari ya kujiua au kumdhuru mtu, kukiwa na mtoto anayenyanyaswa, au mahakama ikiagiza. Ofisi nyingi za vyuo hufuata utaratibu wa namna hiyo, ila usikisie. Uliza kwa mdomo wako: "Nani anaweza kuona maelezo yangu? Mfadhili akiuliza, mnamjibu nini?" Uliza na kama mshauri wako ni mwanafunzi aliye mafunzoni, kwa sababu huyo hujadili kesi zake na mwalimu anayemsimamia. Si jambo baya hilo, ila ni vizuri ulijue mapema.

Fomu ya pili ilikuwa na maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Ninavyolala, ninavyokula, kama mambo niliyoyapenda bado yananivutia, kama naweza kutuliza akili. Kila swali unajipa kuanzia 0 hadi 3, na jumla haizidi 27. Ikifika 10 wanakuangalia kwa makini zaidi kuhusu sonona. Mimi nilipata 13. Namba hiyo si hukumu, ni ya kumwonyesha mshauri aanzie wapi, na ukiijaza tena baada ya wiki kadhaa inaonyesha mnaelekea upande gani. Swali la tisa linauliza kama umewahi kuwaza kufa au kujidhuru. Niliweka sifuri haraka haraka, kama mtu anayefunga mlango.

Mshauri alikuwa mama wa makamo, sauti ya chini. Kuhusu lugha nilikuwa na hofu ileile yako. Usiku uliotangulia nilikuwa nimeandika mistari mitatu kwa Kiswahili, halafu nikaihamishia katika lugha ya darasani polepole, kamusi pembeni. Nilimkabidhi karatasi bila kusema kitu. Ilisomeka hivi: "Imeanza miezi minne iliyopita. Zamani nilisoma saa tatu mfululizo, sasa dakika kumi zinanishinda. Nataka kujua kama nimalize au niache." Tangu lini, nini kimebadilika, unataka nini. Hayo tu. Aliisoma mara mbili, akaniuliza kilichochoka ni nini: mwili, kichwa, au moyo? Kwetu "nimechoka" hubeba vyote vitatu, na sikuwahi kuvitenganisha. Dakika ishirini zikaishia hapo.

Nilimwambia kuhusu mguu. Hakushtuka. Akauliza moja kwa moja, "Ni mguu tu, au kuna siku umetamani usiamke kabisa?" Nikanyamaza, kisha nikasema ziko siku mbili. Akauliza kama nilikuwa na mpango wowote; sikuwa nao. Tukaandika kwenye kadi nitampigia nani usiku, na simu ya dharura ya chuo. Nakueleza hili kwa sababu watu huogopa kwamba ukitamka hivyo utafungiwa wodini au kurudishwa kwenu. Kuwaza tu bila mpango, mara nyingi, hukupatia mazungumzo marefu zaidi na kadi kama ile. Ila mdogo wangu, kama na wewe umefika huko, usisubiri miadi. Sema pale mapokezi, "Nahitaji mtu leo." Ofisi hizi kwa kawaida zina nafasi za dharura hata pale foleni ya kawaida ni ya wiki tatu. Ikiwa ni usiku, au una mpango kichwani, piga namba ya dharura ya nchi uliyopo au nenda hospitali iliyo karibu.

Alinituma pia kwa daktari nikapimwe damu. Tezi ilikuwa sawa, madini ya chuma yalikuwa chini. Nilimeza vidonge, na baada ya muda ngazi zikaacha kunitoa pumzi. Sura ya tatu haikuandikika kwa vidonge, hata hivyo. Nimewaona watu wanaofurahi kupata jibu la maabara na kukatisha ushauri. Wanarudi.

Kazi yenyewe ilianza kikao cha pili. Alinipa karatasi yenye miraba 168, saa zote za wiki, nijaze nilichofanya kweli, si nilichopanga kufanya. Nilijaza siku saba. Tuliporudi akanipa kalamu tatu: nyekundu kwa saa zinazonyonya nguvu, kijani kwa zinazorudisha, na za katikati niziache. Kusoma kwa kweli kulikuwa saa 14. Kijani kilikuwa saa 2, na moja kati ya hizo ilikuwa kuoga. Kisha kulikuwa na saa 27 ambazo sikujua nizipake nini. Nilikuwa nimeziandika "kusoma", lakini aliponibana nikakiri: nimekaa mbele ya kompyuta, ukurasa uko wazi, naonea aibu kuinuka. Hapo sisomi na wala sipumziki.

Mama yule akagonga lile fungu la saa 27 kwa kalamu. Akasema wengi wanaokuja kwake hutaka kupunguza kazi, na kazi ndiyo ngumu kupunguza. Wanasahau kwamba hizi hapa zinaweza kuondolewa kesho bila kumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa hakuna kinachotoka ndani yake. Tukapatana hivi. Kusoma ni vipande vitatu kwa siku, kila kimoja dakika 40, na saa ya mezani inalia. Kati ya kipande na kipande natoka nje ya chumba. Saa mbili usiku kompyuta inafungwa, hata kama sijaandika neno. Kuamka ni saa moja asubuhi kila siku, Jumapili nayo, hata kama usingizi ulichelewa kuja, kwa sababu saa ya kuamka ndiyo inayouvuta usingizi wa usiku unaofuata. Na kijani kiongezeke hadi saa 6 kwa wiki, angalau 3 kati ya hizo nikiwa na watu.

Wiki ya kwanza nilijihisi mwizi. Ikifika saa mbili usiku nafunga kompyuta, halafu nakaa kitandani nikiitazama ilivyo juu ya meza, mikono inaniwasha. Niliifungua mara mbili. Wiki ya tatu nikagundua kwamba saa 14 za kweli hazikupungua, zilikuwa zimefika 15, na zile 27 zimebaki kama 8. Usidhani uchovu uliisha. Nilichoona ni kwamba jioni inaweza kuwa na mwisho, jambo nililokuwa nimelisahau kabisa.

Tatizo la pili lilikuwa tarehe ya kukabidhi, na hapa kalamu za rangi hazisaidii. Nilitaka kuandika barua ndefu ya kujieleza na kujilaumu. Mshauri akanifutia karibu yote. Kilichobaki: "Naomba kuongezewa siku 10 kukabidhi sura ya tatu, kwa sababu za kiafya ambazo ofisi ya ushauri inaweza kuzithibitisha. Sura ya pili nimeiambatanisha." Msimamizi alijibu kwa sentensi moja, amekubali. Siri ya barua hiyo ni kwamba ilitumwa siku nane kabla ya tarehe. Ombi linalofika mapema huonekana ni mipango; linalofika baada ya tarehe, hata likiwa na ukweli uleule, huonekana ni kisingizio. Kama ofisi itakuandikia uthibitisho, omba waeleze jinsi hali inavyoathiri usomaji wako, mathalani usingizi na umakini. Neno uchovu peke yake ni jepesi mezani pa mwalimu, na kama nilivyosema, Shirika la Afya Duniani haliuhesabu kuwa ugonjwa.

Kuhusu viza, kwenda kuzungumza na mshauri si kosa la uhamiaji. Hatari iko kwingine. Wapo wanaozidiwa, wakafuta somo moja kwenye mfumo wa chuo usiku wa manane ili wapumue. Nchi nyingi hutaka mwenye kibali cha masomo abaki na kiwango fulani cha masomo, na nyingine huruhusu kupunguza kwa sababu za afya pale tu ruhusa inapotolewa kabla. Ukifuta kwanza ukaomba baadaye, unaweza kuwa umeshavunja masharti yako. Kwa hiyo ukifikia hapo, anzia ofisi ya wanafunzi wa kigeni na barua ya daktari mkononi, ndipo uguse mfumo. Wafadhili nao vivyo hivyo: soma mkataba wako kuhusu kusimamisha masomo kwa muda kabla hujasimamisha.

Nikueleze na mapungufu, usije ukaingia ukitarajia muujiza. Vikao nilivyopewa ni sita, vya dakika 50 kila kimoja, na baada ya hapo ukitaka kuendelea unaelekezwa nje ya chuo, kwa foleni nyingine. Na mshauri wangu, pamoja na wema wake wote, kuna siku alinikosea. Nilimweleza jinsi nyumbani wanavyonitegemea, akasema, "Kwa nini usiwaambie tu hapana?" Nilirudi chumbani nimekasirika, nikataka kuacha. Kikao cha nne nikamwambia kwamba kwetu "hapana" tupu kwa mzazi haiko kwenye orodha ya mambo yanayowezekana, na akiendelea nayo tutapoteza muda. Akaomba radhi, akaniuliza: je, kuna neno ambalo si hapana wala si niko salama? Mwingine angejitetea, wa namna hiyo unaruhusiwa kuomba kubadilishiwa, na hawanuni, ni utaratibu wa kawaida.

Nililifikiria swali lake siku mbili. Ijumaa mama alipopiga na kuuliza habari za masomo, nikasema, "Mama, yanakwenda, lakini nimechoka sana." Kimya. Nikasikia anavuta kiti. Kisha akaniuliza nalala saa ngapi.